Viti 60, Watoto 26

Afisa wa afya ya umma hakuanza kwa kuuliza vyoo viko wapi. Alisimama ukumbini akavitazama viti vidogo vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kando ya ukuta, bado vina vumbi la dukani. Marundo 6, kila rundo viti 10. Akavihesabu kwa kidole bila kusema neno, kisha akatoa futi mkobani.

"Mwalimu, unatarajia watoto wangapi?"

"Thelathini hivi kwa kuanzia, Daktari."

Afisa akaitikia kwa kichwa, akainama, akaanza kupima sebule.

Wiki kadhaa sasa viti hivyo vinanisumbua. Kusema 30 huku umenunua 60 ni jambo dogo, na si la mtu mmoja. Lakini kadiri ninavyolifikiria, ndivyo ninavyoona kwamba ukaguzi wote wa chekechea, pamoja na fomu zake, saini zake na safari zake za kwenda ofisi za elimu za kaunti, unatafuta kitu kimoja tu: nambari. Nyumba hii inaweza kubeba watoto wangapi?

Sakafu ina jibu lake, vyoo vina jibu lao, milango ina jibu lake, walimu wana jibu lao.

Na jibu dogo kuliko yote ndilo linalohesabika.

## Nyumba ya kupanga

Nyumba ninayoieleza iko Kenya, na mtu yeyote aliyezunguka mitaa ya miji yetu ameiona mara mia. Vyumba 3 vya kulala, sebule, jiko, vyoo 2 vya ndani, ploti ya futi 50 kwa 100, ukuta wa mawe na geti jeusi. Ilijengwa kwa ajili ya familia. Sasa mwalimu amelipa kodi ya miezi 3, amechora tembo na herufi ukutani, na anataka kufungua darasa la PP1 na la PP2, yaani watoto wa miaka 4 na 5.

Njia ya usajili anaijua. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu mtu kutoa elimu ya ngazi yoyote ya msingi, chekechea ikiwemo, bila kusajiliwa, na ombi hupitia Bodi ya Elimu ya Kaunti. Bodi haikai kulijadili ombi hilo mpaka iwe na ripoti ya afisa wa afya ya umma na ya afisa wa ubora na viwango, pamoja na mkataba wa nyumba au hati ya ardhi, na vyeti vya walimu. Kosa la kwanza limo katika mpangilio wa mambo: wengi hulipa kodi kwanza, hupaka rangi pili, hununua viti tatu, halafu ndipo humwita mtu mwenye futi.

Futi ilipaswa kuja kabla ya kodi.

## Sakafu inasema nini

Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataja darasa la mita 7.5 kwa 6 kwa wanafunzi wasiozidi 30, kila mmoja akiwa na dawati lake. Hizo ni mita za mraba 45. Ukigawa, kila mtoto anapata mita 1.5 za mraba, karibu ukubwa wa godoro dogo la mtu mmoja.

Twende na afisa chumba kwa chumba.

Sebule ina mita 6 kwa 4.5, sawa na mita za mraba 27. Watoto 18.

Chumba kikubwa cha kulala kina mita 4.2 kwa 3.6. Kwa haraka utasema mita za mraba 15, watoto 10. Lakini ukuta mmoja una kabati la nguo la kujengewa, upana wake mita 3.6 na kina chake sentimita 60. Hiyo ni zaidi ya mita 2 za mraba ambazo hakuna mtoto atakayekaa. Zinabaki karibu 13. Watoto 8.

Chumba cha pili kina mita 3.6 kwa 3. Watoto 7.

Chumba cha tatu ni cha mita 3 kwa 3. Hicho mwalimu alikuwa amekwisha kusema ni ofisi, na humo humo kitawekwa kitanda cha mtoto aliyeshikwa na homa akisubiri mzazi. Hakihesabiwi.

Jumla ni 33. Tayari tumeshuka kutoka 60, na bado hatujatoka nje ya nyumba.

Kisha afisa akarudi kwenye chumba cha pili akasimama mlangoni. Chumba hicho hakina njia nyingine ya kutokea. Dirisha lake moja linatazama ukuta wa jirani ulio karibu kiasi cha hatua moja, na mlango wake unafunguka kwenye ukumbi mwembamba unaopita mbele ya jiko. Moto ukianza mahali penye uwezekano mkubwa kuliko pote katika nyumba hii, utaanzia pale pale watoto hao 7 wanapopaswa kupita. Akaandika: kisiwe darasa.

Wakabaki 26.

Hapa ndipo watu huona afisa ni mkali. Mimi naona kinyume. Kipimo cha mita 1.5 kilifikiriwa kwa mtoto aliyekaa dawatini akitazama ubao. Mtoto wa miaka 4 hakai hivyo. Anahitaji mahali pa kumwaga vibao vya kujengea, pa kuketi chini wakati wa hadithi, pa kuangukia. Uingereza, chekechea hupimwa kwa mita 2.3 za mraba kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, na hiyo ni sakafu tupu, bila kuhesabu korido wala vyoo. Kwa kipimo hicho, sebule yetu ingechukua watoto 11. Kwa hiyo 18 si ukali. Ni ukomo wa juu kabisa wa uvumilivu.

## Hesabu ambayo fomu haina

Nilikuwa nikiamini kwamba mwenye shule anayezidisha watoto ni mlafi. Nilipoketi na kalamu, imani hiyo ikalegea.

Chukua ada ya shilingi 3,500 kwa mwezi. Watoto 60 wanaleta 210,000. Watoto 26 wanaleta 91,000. Toa kodi ya nyumba 35,000, walimu wawili wa 18,000 kila mmoja, na mpishi wa uji wa 12,000. Umekwisha kutumia 83,000. Zinabaki 8,000 za maji, umeme, unga, sabuni, karatasi na mwezi ambao wazazi watano hawatalipa.

Kwa hiyo shinikizo la kuongeza watoto limo ndani ya ukuta wenyewe, tangu siku mkataba unapotiwa saini. Mwalimu ambaye hakupima kabla ya kulipa amejifunga kwa kodi ambayo sakafu haiwezi kuilipa, na kila muhula atajaribiwa kuongeza kiti kimoja.

Ndiyo maana narudia habari ya futi. Nenda na futi siku ya kwanza ya kutazama nyumba, kabla hujamwambia mwenye nyumba kwamba umeipenda. Pima sakafu iliyo wazi, toa makabati, toa kona ambayo mlango unazungukia, gawa kwa 1.5, halafu zidisha kwa ada ambayo wazazi wa mtaa huo wanaweza kulipa kweli. Kama hesabu haifiki, nyumba hiyo haifai, hata iwe na bustani nzuri namna gani.

## Mlango unaofunguka upande usiofaa

Mwongozo unataka milango ifunguke kwa nje, iwe mipana ya kutosha wakati wa dharura, na isifungwe kutoka nje wakati watoto wamo ndani. Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Watoto 18 wakiogopa hukimbilia mlango kwa pamoja. Wa mbele anabanwa na wa nyuma. Mlango unaofunguka kwa ndani hauwezi tena kuvutwa, kwa sababu miili imeuegemea.

Milango ya nyumba za kuishi karibu yote hufunguka kwa ndani.

Mafundi wengi humwambia mwenye shule kwamba ni kazi ya nusu saa: hamisha bawaba, basi. Si kweli. Fremu ina ukingo ambao mlango hugotea ukifungwa, na ukingo huo uko upande mmoja. Ukihamisha bawaba peke yake, mlango unakosa pa kugotea, au haufungi vizuri, na baada ya wiki mbili mtu anaanza kuufunga kwa kamba. Fremu ya mbao inaweza kung'olewa na kugeuzwa. Fremu ya chuma iliyoshikwa na saruji inabidi ukuta uvunjwe pembeni, na kwa hilo unahitaji ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi. Hilo nalo ni jambo la kuulizia kabla ya kulipa kodi.

Ukishageuza mlango, tazama unafungukia wapi. Katika nyumba hii mlango wa chumba kikubwa, wenye upana wa sentimita 90, ungefungukia ukumbi wenye upana wa mita 1.2. Ukisimama katikati ya mzunguko wake, unaacha upenyo wa sentimita 30. Yaani umewafungulia watoto wa chumba kimoja na kuwazibia wa chumba kingine. Dawa yake ni bawaba zinazoruhusu mlango kuzunguka mpaka ulale ukutani kabisa, na ndoano ya kuushikilia hapo mchana kutwa. Mlango mkuu nao, ukifungukia nje moja kwa moja juu ya ngazi, mtoto anayeusukuma kwa nguvu anaanguka uso kwa uso na saruji. Lazima kuwe na baraza tambarare mbele ya mlango kabla ya ngazi ya kwanza.

Afisa mzuri haandiki "milango sawa". Anauingia mlango, anaufunga, anaufungua kwa bega.

## Grili

Hapa ndipo mazungumzo yalipokuwa magumu.

Mwongozo huo huo unasema madirisha ya darasa yasiwe na grili na yafunguke kwa urahisi. Mwenye shule akamwambia afisa kwamba mtaa huu una wezi, na kwamba bila grili, televisheni ya kufundishia na mtungi wa gesi havitamaliza wiki. Hakuwa akitafuta kisingizio. Alikuwa anasema kweli.

Lakini nchi hii inajua grili hufanya nini. Machi 1998, wasichana 26 walikufa katika moto wa bweni la Bombolulu, Kwale. Machi 2001, wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos. Katika mikasa yote miwili kulikuwa na madirisha yenye vyuma na mlango uliofungwa. Hao walikuwa vijana wa sekondari, wenye nguvu za kusukuma, kuvunja na kupanda. Mtoto wa miaka 4 hawezi lolote kati ya hayo. Dirisha lake si njia yake ya kutokea kabisa, ila ni njia ya mtu mzima kuingia na kumtoa.

Nimelipindua jambo hili huku na huku. Wapo wanaotengeneza grili yenye bawaba, ikafunguliwa kila asubuhi na kufungiwa ukutani kwa kufuli ili isirudi kuziba dirisha wakati watoto wamo. Ni bora kuliko grili iliyochomelewa, sitabisha. Ila usalama wote unategemea mtu mmoja kukumbuka jambo moja kila siku saa 1 asubuhi, akiwa anapokea watoto, akijibu simu za wazazi, uji ukiwa jikoni. Na siku anayosahau haionekani tofauti na siku nyingine.

Ushauri wangu kwa mwenye shule ni kuvitafutia vitu vya wizi chumba kimoja, kukiwekea grili nzito apendavyo, na kuyaacha madirisha ya madarasa wazi. Katika nyumba hii chumba hicho tayari kipo. Ni kile cha pili, kilichokataliwa kuwa darasa. Kigeuzwe stoo.

Mtungi wa gesi nao usilale stoo wala jikoni. Unakaa nje ya ukuta wa jiko, ndani ya kizimba chenye matundu ya hewa chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Watoto wanacheza sakafuni.

## Tundu la choo

Kwa wanafunzi 30 wa kwanza mwongozo unataka choo 1 kwa kila watoto 10, kisha 1 kwa kila 30 wanaofuata. Shule ya kutwa haiwi na vyoo chini ya 4, hata ikiwa na watoto wachache. Wafanyakazi wana chao, kimoja kwa kila watu 12. Kwa watoto 26 wetu ni vyoo 4 na cha walimu 1, jumla 5. Nyumba ina 2.

Mwenye shule akapendekeza kuchimba vyoo vya shimo nyuma ya nyumba. Afisa akauliza kisima kiko wapi. Chetu hakipo, akajibiwa. "Na cha jirani?"

Choo cha shimo hakiruhusiwi kuwa chini ya mita 15 kutoka kwenye kisima, na kina chake kisipungue mita 6. Ploti ya futi 50 ina upana wa mita 15 na kidogo. Kwa hiyo kisima cha jirani kilicho karibu na ukuta wa mpaka kinaweza kufuta nusu nzima ya ploti yako, wala mkataba wako hauonyeshi. Panda juu ya kiti utazame ng'ambo ya ukuta kabla ya kumwita mchimbaji. Hapa ikabidi vyoo viungwe na tangi la maji taka, jambo lililohitaji tena ruhusa ya mwenye nyumba na tangi kubwa zaidi.

Idadi ikishatimia, watu hudhani habari ya choo imekwisha. Haijaisha. Tundu la choo cha mtu mzima ni giza na kina kwa macho ya mtoto wa miaka 4, na hofu yake ina msingi. Tundu la choo cha chekechea linapaswa kuwa jembamba kiasi kwamba mwili wa mtoto hauwezi kupita, na sehemu za kukanyaga ziwe karibu, zinazolingana na miguu yake. Kwa choo cha kukalia, nyayo zake ziguse chini.

Namna ya kujua kama choo kinamfaa mtoto ni rahisi, na afisa anayerudi baada ya kufunguliwa huitumia. Anatazama pembeni ya tundu. Kinyesi kikiwa sakafuni kila siku, si kwamba watoto wale hawana adabu. Ni kwamba wanachuchumaa mbali na shimo kwa sababu wanaliogopa. Dalili nyingine ni mtoto anayejichafua saa 6 mchana, dakika chache kabla ya kwenda nyumbani. Alijizuia asubuhi nzima.

Mlango wa choo hicho usiwe na komeo la ndani ambalo mtoto anaweza kulifunga akashindwa kulifungua, na uachwe na nafasi chini ili mwalimu aone miguu. Bomba la kunawia liwe urefu wa kiuno cha mtoto, sabuni iwepo siku zote, si siku ya ukaguzi tu.

Mpishi wa uji anaulizwa cheti chake cha afya, ambacho ni cha miezi 6 tu. Hapa wengi hukwama kwa jambo dogo: cheti kipo, kimebandikwa ukutani kwa fahari, ila tarehe yake ilipita mwezi uliotangulia.

## Vyeti vya mwalimu

Afisa wa ubora huja siku nyingine, na yeye hapimi kuta. Anakaa kwenye kimojawapo cha vile viti vidogo na kuomba karatasi.

Uwiano unaotumika katika chekechea za Kenya ni mwalimu 1 kwa watoto 25. Kwa watoto 26 waliogawanyika katika vyumba viwili, walimu ni wawili, hakuna ujanja. Wote wawili lazima wawe wamesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, hata kama mwajiri wao ni mtu binafsi au kaunti. Hili huwachanganya wengi. Tangu Katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, na kaunti ndizo zinazoajiri walimu wa chekechea za umma. Lakini kuajiri ni jambo moja na kusajili mwalimu ni jambo lingine. Sheria ya TSC ya 2012 hairuhusu mtu kufundisha bila nambari ya usajili.

Kwenye meza hiyo ndogo matatizo huwa ni yale yale. Mwalimu ana cheti kilichotolewa na chuo chake, chenye muhuri na picha ya mahafali, lakini hana cha Baraza la Mitihani, KNEC. Cha chuo kinaonyesha alihudhuria. Cha Baraza ndicho kinachoonyesha alifaulu. Mwingine ana vyeti vyote, ila cha kidato cha nne kina jina la baba, kitambulisho kina jina la mume, na hakuna hati ya kiapo inayounganisha watu hao wawili kuwa mtu mmoja. Mwingine bado anasubiri matokeo. Kusubiri matokeo si sifa, hata angekuwa mwalimu bora kuliko wote.

Anayeanza masomo leo ajue mlango umebadilika. Tangu 2021 vyuo vya ualimu vya serikali vimehamia diploma ya miaka 3, na sifa ya kuingia ni wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Walimu wa zamani wenye vyeti vya chini wapo na wamesajiliwa, lakini mwenye shule anayempeleka mpwa wake kozi fupi ya miezi michache akitegemea kupata nambari ya TSC anapoteza ada.

Linaloniumiza zaidi ni cheti cha kuazima. Mwalimu aliyesajiliwa anatoa nakala zake, jina lake linaandikwa kwenye fomu, kisha hakanyagi shuleni. Anayefundisha ni msichana aliyemaliza kidato cha nne, anayelipwa theluthi ya mshahara. Kwenye faili kila kitu ni safi. Afisa mwenye uzoefu humgundua bila kelele: anamwomba mwalimu afungue azimio la kazi la muhula na aeleze wiki ya tatu kwa nini inakuja kabla ya wiki ya nne. Aliyeliandika atajibu huku akifunua kurasa. Aliyelinakili atasoma kichwa cha habari kwa sauti. Kisha saini ya kwenye azimio inalinganishwa na ya kwenye barua ya kazi.

Na kila mtu mzima anayeingia pale, mwalimu, mpishi, bawabu, anaombwa cheti cha maadili mema kutoka polisi. Bawabu ndiye husahaulika, ilhali ndiye anayebaki na mtoto ambaye mzazi amechelewa.

## Chumba cha nyuma

Nimeacha kile chumba cha mita 3 kwa 3 mpaka sasa kwa sababu ndicho kilichonikosesha raha.

Ofisa wa afya alipokifungua, nyuma ya meza kulikuwa na magodoro madogo 8 yaliyosimamishwa ukutani. Kitanda cha mgonjwa ni kimoja. Magodoro 8 ni kitu kingine.

Mwenye shule akaeleza, na kwa haki kabisa. Akina mama wa mtaa wanatoka nyumbani saa 11 alfajiri. Mkubwa anaingia PP1, lakini mdogo wa mwaka mmoja ataachwa na nani? Mama huyo atapeleka watoto wote wawili mahali pamoja, au hatapeleka hata mmoja.

Lakini fomu aliyojaza ni ya PP1 na PP2. Watoto wa chini ya miaka 4 hawamo. Vituo vya kulea watoto wachanga viko chini ya kaunti, na Nairobi ilitunga sheria yake mahsusi mwaka 2017. Ni leseni nyingine na ukaguzi mwingine. Kwa hiyo vipimo vyote tulivyopita, sakafu, milango, vyoo, mwalimu 1 kwa 25, vinamhusu mtoto anayeweza kuamka na kutembea akiambiwa. Mtoto wa mwaka mmoja hatembei mpaka uwanjani. Anabebwa.

Mtu mzima mmoja anabeba watoto wangapi katika moshi? Wawili, na wa pili kwa shida. Uingereza, kwa watoto wa chini ya miaka 2, mlezi 1 haruhusiwi kuwa na zaidi ya watoto 3, na kila mtoto anatakiwa mita 3.5 za mraba. Kwa kipimo hicho, chumba chetu cha mita 9 kinatosha watoto 2. Magodoro yalikuwa 8.

Shaka yangu iko hapa. Afisa akikataa, watoto hao 8 hawapotei. Wanakwenda kwa jirani asiyejulikana na ofisi yoyote, chumba kimoja, jiko la mkaa ndani, mlezi mmoja. Akinyamaza, ameweka saini juu ya nyumba ambayo wadogo kuliko wote hawana nambari. Nimewasikia watu wenye busara wakitetea kunyamaza. Sikubaliani nao, kwa sababu mtoto asiyeandikwa popote hatafutwi na mtu siku ya kuhesabu watoto uwanjani. Rejista ya majina 26 itasomwa, majina 26 yataitikia, na mwalimu ataamini wote wametoka.

Afisa hakukataa na hakunyamaza. Aliandika kwenye ripoti kwamba chumba kitumike kama ofisi na cha mgonjwa, kitanda 1, na kwamba huduma ya watoto wa chini ya miaka 4 haijakaguliwa wala haijaruhusiwa. Kisha akamwandikia mwenye shule, kwenye karatasi nyingine, ofisi ya kaunti ya kwenda na mambo ya kupeleka: chumba chenye mlango wake wa kutokea nje, mlezi mahsusi asiyehesabiwa miongoni mwa walimu wa PP1 na PP2, sehemu ya kubadilishia nepi yenye maji, mbali na jiko, na rejista ya peke yake.

Mwenye shule akaisoma karatasi ile akiwa amesimama. Akauliza kama sebule ingeweza kugawanywa kwa ukuta wa mbao. Afisa akasema ingeweza, ila watoto 18 wangekuwa 10, na ukuta wa mbao katika nyumba ya watoto ungeleta maswali yake.

Kwenye kisanduku cha mwisho cha fomu akaandika 26.

Wakarudi ukumbini, kwenye yale marundo ya viti. Mwenye shule akavitenga viti 26 na kuviingiza darasani mwenyewe, viwili viwili, 18 sebuleni na 8 chumba kikubwa. Ukumbini vikabaki 34, vikiwa vimekula nusu ya njia ya kutokea.

"Hivi navyo, mwalimu," afisa akasema, "visilale hapa."